Uchungu kwenye kadi ya pongezi

Wazo lilikuwa la mdogo wangu. Mama Mkubwa alikuwa anatimiza miaka sabini, tumekubaliana kufanya chakula nyumbani kwake, na dada akasema lazima iwepo kadi, tena ya kuchapishwa, siyo zile za dukani zenye maua na maneno ambayo hakuna mtu anayeyasema. Mdogo wangu alisoma chuo cha theolojia na akapigwa Kigiriki miaka miwili, akatoka nacho kidogo, na hicho kidogo huwa hakikai kimya. Akasema tuweke maneno manne ya Wagiriki ya mapenzi: erosi, filia, storge na agape. Chini ya kila neno tuandike Kiswahili chake. Ukurasa wa ndani, safu mbili juu, safu mbili chini. Kazi ya kutafuta Kiswahili akanipa mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayesahihisha miswada ya watu kwa ajili ya kula.

Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Ikachukua wiki mbili, na karibu tukosane.

Niseme kwanza Mama Mkubwa ni nani kwetu. Ni dada yake Mama, tumbo moja. Mama alikuwa nesi, akipangiwa zahanati za mbali, sehemu ambazo shule iko maili kadhaa na gari linapita mara moja kwa juma. Mimi nikiwa na miaka sita, dada tisa, mdogo wangu bado ananyonya kidole, Mama alitupeleka kwa dada yake akasema ni kwa muhula mmoja. Tukatoka pale tukiwa watu wazima. Mama yupo, ni mzima, na siku ya sherehe angekaa meza moja na dada yake. Hilo ndilo lililofanya kila neno kwenye kadi liwe na uzito wake.

Erosi tulimalizana nayo haraka. Kiswahili hapo kina mali nyingi kuliko matumizi: mahaba, huba, ashiki, nyonda, na mapenzi yenyewe kwa maana iliyozoeleka sasa. Mengi ya hayo yametoka Uarabuni kwa njia ya pwani na ya ushairi, na kila moja lina harufu yake. Ashiki ni moto, huba ni wimbo, mahaba ni chumba kilichofukizwa udi. Dada akauliza swali la msingi: kwenye kadi ya bibi wa miaka sabini, mjane, inayotoka kwa watoto wa mdogo wake, mahaba yanatafuta nini? Mdogo wangu akajaribu kueleza kwamba kwa Plato erosi ni hamu ya kitu usichokuwa nacho, kwamba inaanzia kwenye mwili na kupanda hadi kwenye uzuri wenyewe. Dada akasema sawa, ipande, lakini isipandie kwenye kadi yetu. Yakabaki matatu.

Hapa niweke neno kuhusu ile orodha ndefu. Siku mbili baadaye mdogo wangu alituma orodha ya maneno saba, ya kuokota mtandaoni, eti tuzibe pengo la erosi. Humo kulikuwa na ludusi, mapenzi ya mchezo, na pragma, mapenzi ya watu waliozoeana na kupigiana hesabu. Ludusi si Kigiriki hata kidogo, ni Kilatini, maana yake mchezo. Pragma ni Kigiriki kweli, lakini Mgiriki wa kale akisema pragma anasema jambo, shughuli, kesi. Yote mawili yaliingizwa kwenye orodha za mapenzi na John Alan Lee, msomi wa Kanada, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu mitindo ya kupenda. Kitabu ni halali, ila si Ugiriki ya kale. Na hata yale manne, kuyapanga kama ndugu wanne wa nyumba moja kumeenezwa sana na kitabu cha C. S. Lewis cha mwaka 1960. Wagiriki wenyewe hawakuyapanga hivyo. Waliyatumia tu, kama sisi tunavyotumia yetu, yakipandiana.

Agape ndiyo iliyotuchelewesha. Mdogo wangu alikuwa na uhakika: agape ni upendo wa kimungu, usiodai kitu, na Kiswahili chake ni upendo. Mapenzi akayakataa, akisema yameharibika. Hapo alikuwa na hoja. Maneno haya mawili ni watoto wa kitenzi kimoja, kupenda. Ukikipa kiishio cha -o unapata pendo na upendo, herufi ya d inabaki mahali pake. Ukikipa cha -i, d inageuka z, kama linda inavyozaa mlinzi na ulinzi, ndipo tunapata mpenzi na mapenzi. Mama mmoja, lakini wamekulia nyumba tofauti. Upendo amelelewa kanisani. Ni jina la kwaya, jina la binti, ni neno la mahubiri na la risala. Mapenzi alibaki mtaani na redioni, na tangu watu walipoanza kusema kufanya mapenzi kwa kukwepa neno zito zaidi, mzazi anaona haya kulitamka mbele ya mtoto.

Lakini mapenzi yana chumba kingine ambacho upendo haukijui. Tunasema mapenzi ya Mungu, na hapo hatusemi Mungu anavyopenda, tunasema anavyotaka. Tunasema hivyo hasa msibani. Kwa hiyo ukiandika kwenye kadi ya mtu wa miaka sabini kwamba amefika hapo kwa mapenzi ya Mungu, wengine watasoma shukrani na wengine watasikia jeneza. Nikaliweka kando.

Ila kuhusu agape yenyewe nilimbishia. Ile habari kwamba agape ni neno takatifu, lililotengwa kwa ajili ya Mungu, haisimami ukifungua vitabu. Katika Agano la Kale la Kigiriki, kile kisa cha Amnoni aliyemtamani Tamari, dada yake wa baba mmoja, akambaka kisha akamchukia, tamaa yake inaitwa agape, katika 2 Samweli 13. Na Dema, yule aliyemwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu huu, kitenzi chake ni kilekile cha agape. Ugiriki ya leo kijana akimwambia binti nakupenda anatumia kitenzi hicho hicho. Neno lilikuwa la kawaida. Lililotukuka ni yale ambayo Paulo alilitwika kwa Wakorintho.

Mdogo wangu akanirudisha kwenye Yohana 21, kama nilivyotegemea. Ni pale Yesu anapomuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Mara mbili za kwanza anatumia kitenzi cha agape, Petro anajibu kwa kitenzi cha filia, na mara ya tatu Yesu mwenyewe anashuka kwenye filia. Mahubiri mengi sana yamejengwa juu ya ngazi hiyo: Yesu anadai upendo wa juu, Petro ana urafiki tu mfukoni, basi Yesu anapokea alichonacho. Ni mahubiri mazuri, nimewahi kulia kwa mojawapo. Lakini Yohana huyohuyo anasema Baba anampenda Mwana mara mbili, sura ya 3 aya ya 35 kwa agape na sura ya 5 aya ya 20 kwa filia, na hakuna anayesema kwamba kati ya sura hizo mbili Baba alipunguza. Anaonekana ni mwandishi anayebadilisha maneno ili asirudie. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walitumia kupenda mara zote tatu, na mimi sioni kwamba walikosa maarifa. Mdogo wangu anaona. Tuliachia hapo, upendo ukapita kwa kura mbili kwa moja, ile moja ikiwa yangu, kwa sababu nilitaka neno ambalo Mama Mkubwa amewahi kulitumia jikoni.

Filia nilidhani ni urafiki na basi. Nikaenda kwa Aristoteli, kwenye Maadili ya Nikomako, kitabu cha 8 na cha 9, ambavyo vyote viwili ni vya filia. Wengi tunajua ule mgawanyo wake wa urafiki wa faida, wa raha na wa wema. Lakini filia kwake ni pana kuliko rafiki yangu na mimi: wamo mume na mke, ndugu, wasafiri wa merikebu moja, raia wa mji mmoja. Kiswahili kingehitaji urafiki, udugu, usuhuba na ujirani vikae pamoja. Na katikati ya kitabu cha 8 nikakuta kitu ambacho sikukitafuta. Anataka kuonyesha kwamba filia ni kupenda zaidi kuliko kupendwa, na mfano anaouchagua ni wa akina mama. Anasema wapo wanaowatoa watoto wao walelewe na wengine. Wanawapenda ilimradi wanajua hali zao, hawadai kupendwa nao kama haiwezekani, na inawatosha kuona watoto wanaendelea vizuri, hata kama watoto kwa kutojua hawawarudishii lolote la haki ya mama.

Nilifunga kitabu. Nilimkumbuka Mama akishuka kwenye gari mara mbili kwa mwaka, na kikapu cha mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu, na sisi tukijificha nyuma ya Mama Mkubwa kama tumeona mgeni. Hakuwahi kutulazimisha. Alikuwa anakaa kwenye mkeka, anatuangalia tunavyokula, anamuuliza dada yake: wanakula vizuri hivi kila siku? Nilikuwa nimetafuta neno kwa ajili ya Mama Mkubwa nikampata Mama.

Ikabaki storge. Hili ndilo lilipaswa kuwa neno lenyewe, mapenzi ya mzazi kwa mtoto, ya damu na ya mazoea, hata ya mnyama kwa kinda lake. Kitenzi chake, stergo, kina maana nyingine nzuri: kuridhika na ulichonacho, kuvumilia. Ni kama lugha ilitazama mzazi na mtoto ikaona kwamba kupenda na kuvumilia hapo havina mpaka. Lakini Kiswahili chake ni nini? Huruma haitoshi, maana huruma unamwonea hata mpita njia. Upendo wa mzazi ni maelezo, siyo neno. Imani, kwa ile maana ya zamani ya wema wa moyo, watu wataisoma kama dini.

Nikajaribu njia ninayoitumia kwenye kazi: neno likikataa, tafuta kinyume chake. Na storge inasaidia sana hapo, kwa sababu katika Agano Jipya jina lenyewe halimo. Limo kwa kukanushwa, astorgos, mtu asiye na storge, katika Warumi 1:31 na 2 Timotheo 3:3, na limo mara moja limeunganishwa na filia katika Warumi 12:10. Kwenye ile ya kwanza watafsiri wetu walisema kwa maneno ya kutopenda jamaa, na maana inafika. Lakini sisi mtaani tunamwitaje mzazi wa namna hiyo? Mwanamke anayewaacha watoto na njaa huku yeye anabadilisha vitenge, jirani anasemaje akikaa barazani? Hasemi hana upendo. Anasema: huyu hana uchungu na wanawe.

Nilikaa na neno hilo usiku mzima. Uchungu. Ni ladha ya mwarobaini, ni kinachomshika mjamzito usiku mkanyanyuka kutafuta bajaji, ni kinachobaki baada ya maziko, na ndicho tunachotaka kiongozi awe nacho na mali ya umma. Kuwa na uchungu na kitu ni kukifanya kikuume wewe kinapoguswa. Methali inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mshairi Safo, huko Lesbo, aliunganisha utamu na uchungu ndani ya neno moja, lakini uchungu huo aliupa erosi, wapenzi. Waswahili wakaupeleka chumba cha kujifungulia, na nadhani waliupeleka mahali pake. Nikaandika: storge ni uchungu.

Asubuhi nikatuma kwenye kundi letu. Mdogo wangu alinyamaza muda, kisha akasema hajawahi kusikia tafsiri bora ya neno hilo, ila haiwezekani kuchapishwa. Dada akapiga simu badala ya kuandika, dalili mbaya. Akasema, "Wewe una akili lakini huna adabu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, methali hiyo ni ya nani? Ya aliyezaa. Sasa unampa Mama Mkubwa mbele ya Mama, Mama atasikiaje? Atasikia kwamba uchungu hakuwa nao, alitugawa."

Sikuwa na jibu. Nikajaribu kurekebisha kwa maneno. Tulikuwa tumeshaamua kuacha ile mpangilio wa safu nne, maana kadi ilikuwa inafanana na mtihani, tubaki na sentensi moja tu. Nikaandika: Mama Mkubwa, uliubeba uchungu wetu kama mzazi. Nikaisoma mara kumi. Halafu nikafanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya wiki mbili nyuma, nikampigia Mama mwenyewe nikamsomea.

Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Hiyo 'kama' ya nini?"

Nikamwambia, Mama, ni kwa sababu wewe ndiye.

"Mimi ndiye nini? Mimi nilishikwa na uchungu siku moja moja, mara tatu, nikamaliza. Ulipougua surua nani alikesha? Mimi nilipata barua umeshapona. Toa hiyo kama, mwanangu. Inamfanya dada yangu mtumishi."

Akauliza kama sukari ya sherehe imeshanunuliwa, akakata.

Ikawa: Mama Mkubwa, uliubeba uchungu wetu, mzazi wetu. Nikapeleka kwa mchapaji Kariakoo, karatasi nene ya gramu 300, ukubwa wa A4 ikunjwe mara moja, nakala moja ya mezani na thelathini za wageni. Kesho yake kijana wa pale akanitumia picha ya mfano. Pembeni mwa maneno kaweka mshumaa unaowaka, ukingo wa zambarau, na juu kabisa njiwa. Chini kaacha nafasi ya tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya pili. Nikampigia. Akaomba radhi sana, akanipa pole, akauliza maziko ni lini ili awahi.

Nilipomweleza kwamba ni siku ya kuzaliwa alicheka, halafu akasema kitu cha kweli: "Sasa kaka, uchungu, halafu uliubeba. Nilijua ameshaututua."

Siyo uchungu uliomponza, ni ile -li-. Uliubeba ni kazi iliyofungwa, mtu kaondoka nayo. Sisi wasahihishaji tunawapigia watu kelele kuhusu viambishi vya wakati, kumbe nimemzika Mama Mkubwa kwa kimoja. Kwa -li- ni risala ya marehemu. Kwa -me- mzigo bado uko kichwani mwake, na sisi bado tunamsumbua, jambo ambalo pia ni kweli, muulize mdogo wangu anapokula mwisho wa mwezi. Nikabadilisha: Mama Mkubwa, umeubeba uchungu wetu, mzazi wetu. Mshumaa ukatoka, zambarau ikawa rangi ya machungwa, njiwa kijana akaomba abaki kwa sababu ameshamkata vizuri, nikamwachia.

Kigiriki hakikuingia hata herufi moja. Mdogo wangu alilipiza kwenye sala ya chakula, ambamo storge na agape zilitajwa zote, wali ukapoa.

Mama Mkubwa alivaa miwani akaisoma kadi amesimama. Akaisoma tena. Akampa Mama, aliyekuwa kaketi kushoto kwake, na Mama akajifanya anaiona kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameinamia kadi ile vichwa vimegusana, na sikusikia walichosemezana kwa sababu dada alikuwa anapanga sahani. Kisha Mama Mkubwa akageuka akaniuliza karatasi nzito hivi wamewatoza shilingi ngapi, na kabla sijajibu akauliza kama yule kijana wa njiwa tumemwita naye aje ale.